Wimbo umesikilizwa zaidi lakini umeshuka kwenye chati: nini kimetokea?

*"Namsimamia msanii mmoja. Ijumaa nilikuta wimbo wake uko nafasi ya 39 kwenye Top 50 ya nchi yetu. Jumamosi haumo kabisa. Mtu akanionyesha tovuti ya chati yenye nyimbo 200, nikaukuta wa 58. Jumatatu umerudi 47. Ajabu ni kwamba ukurasa wa msanii unaonyesha Alhamisi ulisikilizwa mara 10,200 nchini na Ijumaa 10,600, yaani uliongezeka! Jamaa mmoja anasema nafasi hizo zinauzwa, na kwamba yeye anaweza kutuletea wasikilizaji 50,000 kwa wiki tupande hadi chati ya dunia. Mwingine anasema ukishika namba moja nchini, dunia unaingia wenyewe. Nimwamini nani?"*

Usimwamini hata mmoja, ndugu yangu, na huyo anayeuza wasikilizaji usimpe hata senti. Nitaeleza sababu zake mbele, maana kwanza hilo la 39 kwenda 58 lina maelezo ya wazi ambayo unaweza kuyahakiki mwenyewe kwa dakika kumi.

Kwa jinsi ulivyoeleza, yaani Top 50 ndani ya programu na tovuti ya pembeni yenye nyimbo 200, unazungumzia Spotify, kwa hiyo nitafuata utaratibu wake. Apple Music wana Top 100 ya kila siku kwa nchi nyingi na nyingine ya dunia, na hesabu yao inafanana kwa sehemu kubwa ingawa siku yao hufungwa kwa saa nyingine.

Anza na tarehe, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Chati unayoiona leo kwa kawaida ni hesabu ya jana. Ile 39 uliyoikuta Ijumaa ilikuwa ya Alhamisi. Ile 58 ya Jumamosi ni usikilizaji wa Ijumaa, na ile 47 ya Jumatatu ni wa Jumapili. Na "siku" yenyewe si lazima ianze saa sita usiku ya kwenu. Spotify hupanga takwimu zake kwa saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, hivyo kwa nchi iliyo saa tatu mbele, siku mpya ya hesabu huanza saa tisa usiku. Wimbo uliotoka saa sita kamili usiku kwenu, ukapigwa na mashabiki waliokesha wakiusubiri, unaweza kuona saa zake tatu za kwanza zikihesabiwa kwenye siku iliyotangulia. Ukishaweka tarehe sawa, utaona kwamba mporomoko wako wote ulitokea siku moja tu, Ijumaa.

Ijumaa ndiyo siku ambayo nyimbo mpya hutoka karibu duniani kote. Utaratibu huo ulikubaliwa na kampuni za rekodi na kuanza rasmi tarehe 10 Julai 2015. Kwa hiyo kila Ijumaa chati inapokea wageni kwa mkupuo, na programu za muziki haziwawekei kikomo. Chati rasmi ya Uingereza, kwa mfano, tangu mwaka 2017 inaruhusu nyimbo tatu tu za msanii mmoja kwa wakati mmoja, lakini hilo ni jambo la chati yao ya kitaifa. Ndani ya programu, msanii mkubwa akitoa albamu ya nyimbo 14, zote 14 zinaweza kuingia siku ya kwanza, kwa sababu mashabiki huisikiliza albamu nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Sasa tufanye hesabu ya wimbo wako. Tuseme Alhamisi chati iliuhesabia mara 9,800 ukawa wa 39, na Ijumaa 10,150. Umeongezeka 350, karibu asilimia 3.6. Lakini Ijumaa hiyo ziliingia nyimbo 14 za albamu moja na nyingine mpya tano, zote zikiwa juu ya 10,150. Hizo ni 19. Nyimbo 38 zilizokuwa mbele yako zikabaki mbele, zikaongezewa 19, zikawa 57. Wewe ni wa 58. Hakuna msikilizaji aliyekukimbia. Ni foleni iliyorefuka mbele yako.

Halafu angalia Jumapili. Tuseme wimbo ulisikilizwa mara 9,300, pungufu hata ya Alhamisi, lakini ukapanda hadi 47. Albamu imeshasikilizwa, watu wamechagua nyimbo tatu nne wanazozipenda, na 11 kati ya wale wageni 19 wameshuka chini yako. Wanane wamebaki juu. 38 na 8 ni 46, nawe ni wa 47. Kwa hiyo ndani ya siku nne wimbo umeshuka ukiwa unaongezeka, kisha umepanda ukiwa unapungua. Nafasi inakuambia umesimama wapi kati ya wenzako kwa siku moja. Haikuambii kama wimbo unakua.

Hili unaweza kulihakiki, na nakusihi ulifanye kabla ya kubishana na mtu yeyote. Ingia kwenye tovuti ya chati za Spotify kwa akaunti yako, chagua nchi na chati ya siku, kisha pakua faili la CSV. Ukilifungua kwa programu ya majedwali utakuta vichwa hivi, na mstari wa wimbo wako utafanana na huu:

```
rank,uri,artist_names,track_name,source,peak_rank,previous_rank,days_on_chart,streams
58,...,...,...,...,37,39,12,10150
```

Safu ya `previous_rank` ni nafasi ya siku iliyotangulia. Wimbo ambao jana haukuwemo huandikiwa `-1`. Pakua faili la Ijumaa, hesabu mistari yenye `-1` iliyo juu ya wimbo wako, na utajua ni wageni wangapi waliokupita. Ukikuta `-1` lakini `days_on_chart` ni 20 au 30, huo si wimbo mpya, ni wa zamani uliorudi. Mara nyingi hizo ni nyimbo za msimu wa sikukuu, au za msanii aliyetajwa sana kwenye habari wiki hiyo. Na ukikuta wageni ni wachache, lakini nyimbo nyingi zilizokuwa chini yako zimekupita, hapo ndipo pa kushtuka, maana wimbo wenyewe unapoa.

Utagundua pia kwamba namba ya safu ya `streams` hailingani na ile ya ukurasa wa msanii. Wewe umeona 10,600 na chati ikaandika, tuseme, 10,150. Watu wengi hapa ndipo wanapodhani wameibiwa. Usikilizaji mmoja huhesabiwa mtu anapofika sekunde 30 za wimbo, lakini ili uingie kwenye chati lazima upite kichujio kingine cha kuzuia udanganyifu, na Spotify wenyewe wanaeleza kwamba kwa sababu hiyo namba za chati zinaweza kuwa chini ya zile zinazoonekana ndani ya programu. Kanuni kamili ya kichujio haitangazwi, na inaeleweka kwa nini: siku itakayotangazwa ndiyo siku itakayoanza kuchezewa. Akaunti moja inayorudia wimbo uleule usiku kucha ni mfano wa usikilizaji ambao kichujio kimewekwa kuukamata. Kuna pia suala la wanaosikiliza nje ya mtandao. Aliyepakua wimbo kwenye simu anaweza kuusikiliza bila intaneti hadi siku 30, na hesabu yake hufika pale simu inapounganishwa tena. Ikifika siku imeshafungwa, wimbo umefaidi kwenye jumla yake, lakini chati ya siku ile haikumsubiri.

Tofauti ya asilimia chache kati ya namba hizo mbili ni ya kawaida. Ikiwa chati inakuhesabia nusu tu ya unachokiona kwenye ukurasa wa msanii, kuna jambo. Nitalirudia hapo chini.

Kabla ya hapo kuna kitu kimoja kuhusu nafasi ya 50 ambacho wasimamizi wengi hawakitilii maanani. Top 50 unayoiona ndani ya programu si tangazo tu la matokeo. Ni orodha inayopigwa. Kuna watu hufungua programu asubuhi, wakabonyeza Top 50 ya nchi yao na kuiacha icheze wakiwa njiani au kazini. Wimbo ulio wa 49 unapata wasikilizaji hao, ulio wa 51 hauwapati. Kwa hiyo ukivuka ile mipaka kwenda chini unapoteza mara mbili, kwanza umepitwa, halafu kesho yake unakosa wale waliokuwa wanakusikia kwa sababu tu ulikuwemo. Ukirudi ndani, unawarudisha. Ndiyo maana nyimbo zinazocheza kati ya 45 na 55 huyumba kirahisi, na ndiyo maana ningependa wimbo wenu upate msukumo wa kweli sasa hivi ukiwa 47, badala ya kusubiri utoke tena Ijumaa ijayo.

Jambo jingine linalofanya nafasi za kati ziyumbe ni msongamano. Pale juu, wimbo wa kwanza unaweza kuuzidi wa pili kwa maelfu. Ukishuka kwenye 60 au 150, nyimbo zimebanana, na tofauti ya nafasi moja inaweza kuwa usikilizaji 20 au 50 tu. Kushuka kutoka 1 hadi 3 kunaweza kuwa habari kubwa. Kushuka kutoka 140 hadi 152 pengine ni mvua tu iliyonyesha jioni, watu wakabaki ndani.

Sasa chati ya dunia. Chati ya nchi haihesabu wasanii wa nchi hiyo, inahesabu wasikilizaji waliomo humo. Ya dunia nayo si wastani wa nafasi za nchi mbalimbali, wala si ngazi inayofuata baada ya kushinda nyumbani. Ni jumla. Usikilizaji wa kila mahali unatiwa kwenye kapu moja, kisha nyimbo zinapangwa kwa ukubwa wa jumla hiyo. Hapo nchi yenye wasikilizaji milioni 40 ina uzito wake, na yenye laki nane ina wake.

Miaka ya karibuni, ili uwe hata wa 200 kwenye chati ya dunia ya Spotify umehitaji usikilizaji milioni moja au zaidi kwa siku. Chukua nchi ambayo namba moja yake ni 40,000 kwa siku. Mshindi wa nchi hiyo ana asilimia nne tu ya kinachohitajika. Hata angesikilizwa mara mbili zaidi, bado yuko mbali. Lakini chukua wimbo unaosikilizwa mara 20,000 kwa siku katika kila moja ya nchi 60. Hizo ni 1,200,000, na wimbo huo unaweza kuingia dunia bila kuwa wa kwanza popote. Kwa hiyo kama lengo lenu ni ile orodha ya dunia, mfungue ukurasa wa msanii mtazame sehemu ya nchi. Wimbo ambao asilimia 95 ya wasikilizaji wake wako nchi moja hauelekei huko kwa sasa, hata ukikaa namba moja mwezi mzima. Wimbo ambao nchi ya pili na ya tatu zinakua kila wiki, hata kwa namba ndogo, huo ndio una njia.

Kuna chati ambayo mnaweza kuiona mapema zaidi, nayo ni Viral 50. Watu huichanganya na Top 50. Hiyo haipangi kwa wingi wa jumla, inatazama kasi ya kuongezeka na kusambaa, ndiyo maana wimbo mdogo unaweza kuwa juu sana huko na usionekane kabisa kwenye Top 50. Ukiingia humo furahini, lakini msiandike kwenye bango kwamba wimbo ni namba tano nchini.

Turudi kwa yule jamaa wa 50,000 kwa wiki. Kwanza hesabu yake yenyewe haifiki. 50,000 kwa wiki ni kama 7,100 kwa siku, na dunia inataka milioni. Pili, wasikilizaji hao huwa ni akaunti za kutengenezwa, na ndizo ambazo kichujio kipo kwa ajili yake. Utaona namba ikipanda kwenye ukurasa wa msanii siku mbili tatu, chati isitikisike, halafu namba ifutwe. Tatu, na hili ndilo linaloniumiza zaidi nikiona wasanii wachanga wakiingia mtegoni, tangu mwaka 2024 Spotify huwatoza faini wasambazaji na kampuni za rekodi kwa kila wimbo uliokutwa na usikilizaji bandia wa wazi. Msambazaji humtwisha msanii faini hiyo, au huondoa wimbo, au hufunga akaunti yote pamoja na nyimbo nyingine ambazo hazikuwa na kosa. Na nafasi za chati haziuzwi popote. Kinachouzwa kihalali ni matangazo, nayo huleta watu ambao wanapaswa kusikiliza kwa hiari yao ndipo wahesabiwe. YouTube nao mwaka 2019 waliacha kuhesabu utazamaji unaotokana na matangazo ya kulipia kwenye chati zao.

Kama kuna mtu tayari amewasukumia usikilizaji bandia bila ninyi kujua, dalili zake husomeka. Gawanya idadi ya usikilizaji kwa idadi ya wasikilizaji. Wimbo unaopendwa kwa kawaida hupata mara mbili hadi tano kwa kila mtu katika mwezi. Ukikuta watu 200 wamesikiliza mara 12,000, yaani 60 kila mmoja, ndani ya siku chache, hapana. Angalia pia mji mmoja usiowajua ukiibuka ghafla juu ya orodha ya miji, usikilizaji ukipanda huku waliouhifadhi wimbo wakibaki walewale, au orodha ya nyimbo isiyo na wafuasi ikileta maelfu. Na ile hali niliyoitaja, chati kukuhesabia nusu tu, huendana na dalili hizi.

Mkiziona, pigeni picha za skrini zenye tarehe, kisha mwandikieni msambazaji wenu ninyi kwanza, kabla hajawaandikia yeye. Mtajieni wimbo, siku, orodha inayohusika na kwamba hamkumlipa mtu. Msiuondoe wimbo wenyewe kwa hofu, maana mtapoteza ushahidi na nafasi kwa pamoja.

Nina angalizo moja la mwisho, kama mnajiandaa na kazi zaidi za msanii huyu. Siku wimbo huu utakapowekwa kwenye albamu, tumieni ISRC ileile, yaani namba ya utambulisho wa rekodi yenye herufi na tarakimu 12, rekodi ileile, jina lilelile, urefu uleule. Hivyo mfumo utautambua kuwa ni wimbo mmoja na hesabu itaendelea. Mkiupakia kwa namba mpya, mtakuwa na nyimbo mbili zinazogawana wasikilizaji, mmoja 5,000 na mwingine 5,000, na wote wawili chini ya pale ambapo 10,000 wangefika. Toleo lililoharakishwa au rimiksi huhesabiwa peke yake hata mkifanya kila kitu sawa.

Kufuatilia mwenendo, acheni chati ya siku. Linganisheni Ijumaa na Ijumaa, Jumapili na Jumapili, au mtumie chati ya wiki, ambayo huanza Ijumaa na kuishia Alhamisi. Ya siku itazameni tu mnapotaka kujua kitu fulani, kama tangazo la jana, kilizaa nini.

Na kama malipo yenu yamezuiwa, au mkataba wa msanii una kipengele cha bonasi kinachotegemea nafasi ya chati, msitafute jibu mtandaoni. Kaeni ana kwa ana na mwanasheria anayejua mikataba ya muziki, mkiwa na mkataba, barua za msambazaji na yale mafaili ya CSV ya kila siku mkononi. Kipengele kinachosema "akiingia 50 bora" bila kutaja chati ipi, ya siku au ya wiki, ya nchi gani, kitaleta ugomvi, na ni rahisi kukirekebisha kabla ya kusaini.